Wastani Ulipoifuata Bei: Uchambuzi wa Biashara Moja ya Kununua Chini ya VWAP

Kisa ninachokichambua hapa ni cha biashara moja ya siku moja, iliyofunguliwa kwa matarajio kwamba bei iliyoteleza chini itarudi kwenye wastani wake kabla ya soko kufungwa. Bei haikurudi. Hata hivyo, ukiangalia skrini peke yake ungedhani imerudi, kwa sababu umbali kati ya bei na wastani ulipungua saa baada ya saa, huku mwenye biashara akizidi kupoteza. Nimekijenga kisa hiki kwa tarakimu nyepesi ambazo msomaji anaweza kuzihakiki kwa kikokotoo, lakini mwenendo wake si wa kubuni: yeyote aliyefanya biashara ya aina hii kwa miezi michache amekutana nao.

Kwanza tuuelewe wastani wenyewe. VWAP ni wastani wa bei uliopimwa kwa ujazo, maana yake ni kwamba bei iliyouziwa hisa 10,000 ina uzito mara mia wa bei iliyouziwa hisa 100. Huanza kuhesabiwa soko linapofunguliwa, hukusanya kila biashara inayofanyika, na kesho yake huanza upya kabisa. Kuuzunguka wastani huo huchorwa kingo mbili, juu na chini, kwa kutumia mkengeuko sanifu ambao nao umepimwa kwa ujazo. Hesabu yake ni hii, na kila jumla huanzia dakika ya kwanza ya kikao hadi dakika uliyopo:

```
tp    = (high + low + close) / 3
vwap  = sum(tp * volume) / sum(volume)
sigma = sqrt( sum(volume * (tp - vwap)^2) / sum(volume) )
lower = vwap - 2 * sigma
upper = vwap + 2 * sigma
```

Hapa pana jambo dogo ambalo huwatenganisha watu wawili wanaodhani wanatumia kanuni moja. Katika hesabu hii, bei za asubuhi hupimwa upya dhidi ya wastani wa sasa, si dhidi ya wastani uliokuwapo wakati zilipofanyika. Zipo programu zinazotumia njia ya pili, na kingo zake hutofautiana kidogo na hizi. Kabla ya kuulizana ukingo uko wapi, ni vyema kuulizana umehesabiwaje.

Kikao cha soko letu kina dakika 390, nami nitataja muda kwa kuhesabu dakika tangu soko lilipofunguliwa. Mfanyabiashara wa kisa hiki alikuwa na kanuni zilizoandikwa. Haingii katika dakika 30 za mwanzo, kwa kuwa biashara zilizokusanywa bado ni chache na ukingo hurukaruka kwa kila oda kubwa. Hanunui bei inapogusa tu ukingo wa chini, bali husubiri dakika moja ifunge chini yake, kisha nyingine ifunge juu yake tena. Lengo lake ni VWAP. Kikomo chake cha hasara ni mikengeuko mitatu chini ya VWAP. Hafungui biashara mpya baada ya dakika ya 330, huanza kuuza hisa zake dakika ya 375, na ikifika dakika ya 385 hatakiwi kubaki na hisa hata moja.

Hadi dakika ya 120 zilikuwa zimeuzwa hisa 600,000, VWAP ilikuwa 50.00 na mkengeuko sanifu 0.20, hivyo ukingo wa chini ulikuwa 49.60. Dakika ya 118 ilifunga kwenye 49.57, chini ya ukingo, na dakika ya 121 ikafunga kwenye 49.63, ndani yake. Aliweka oda ya kununua hisa 2,000 kwa bei isiyozidi 49.62, nayo ikatimizwa dakika iliyofuata. Lengo likawa umbali wa 0.38 juu yake, na kikomo cha hasara, kilichokuwa 49.40, umbali wa 0.22 chini yake. Gharama ya kuingia na kutoka, pamoja na pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, aliikadiria kuwa 0.02 kwa hisa. Kwa hiyo alitarajia kupata 720 biashara ikienda sawa, na kupoteza 480 ikienda vibaya. Hadi hapo sioni kosa lolote katika uamuzi wake.

Bei ilipanda hadi 49.74 ndani ya dakika kumi na tano hivi, ikachoka, ikarudi chini, kisha ikatulia. Kuanzia hapo hadi dakika ya 300 iliendelea kuzunguka kati ya 49.50 na 49.65 bila haraka yoyote. Haikushuka hadi kwenye kikomo, wala haikulisogelea lengo. Ndani ya dakika hizo 180, tangu ya 120 hadi ya 300, ziliuzwa hisa 900,000 kwa wastani wa 49.58.

Hesabu ya VWAP katika dakika ya 300 basi ni rahisi: hisa 600,000 kwa 50.00 na hisa 900,000 kwa 49.58, zikigawanywa kwa 1,500,000, zinatupa karibu 49.75. Lengo lililokuwa 50.00 lilikuwa limeshuka kwa robo nzima. Bei yenyewe ilikuwa 49.58, chini ya alipoingia. Wakati wa kuingia alikuwa mikengeuko 1.9 chini ya wastani. Sasa skrini ilimwonyesha kwamba bei iko mikengeuko 0.7 tu chini yake. Kwa lugha ya kipimo, karibu theluthi mbili ya upungufu ilikuwa imekwisha kurekebishwa. Kwa lugha ya fedha, alikuwa na hasara.

Hili ndilo kiini cha kisa chote, nami ninaona halisemwi vya kutosha na wanaofundisha mbinu hii. Umbali kati ya bei na VWAP unaweza kuzibwa kwa njia mbili: bei kuufuata wastani, au wastani kuifuata bei. Njia ya kwanza ndiyo inayolipa. Njia ya pili hailipi chochote, lakini kwenye mchoro zote mbili huishia mahali pamoja, mistari miwili ikikaribiana. Mtu akipima mbinu yake kwa kuhesabu ni mara ngapi bei na VWAP zilikutana tena baada ya kuachana, atapata idadi ya kutia moyo sana, na ndani yake zitakuwamo siku nyingi kama hii.

Kinachofanya jambo hili lisionekane ni udogo wa kila hatua. Biashara mpya inapofanyika, VWAP husogea kwa kiasi cha umbali wake na bei hiyo mpya, kikizidishwa kwa sehemu ya ujazo mpya katika ujazo wote wa siku. Mara baada ya dakika ya 120, dakika moja yenye hisa 5,000 kwa bei ya 49.60 iliusogeza wastani kwa 0.40 mara 5,000 kwa 605,000, yaani 0.0033. Hakuna jicho linaloweza kuona hatua hiyo kwenye mchoro. Lakini dakika za namna hiyo zilikuwa 180 mfululizo, na zote zilivuta upande mmoja.

Kikomo cha hasara nacho hakikutulia. Watu wengi hukiacha kifuate ukingo wa mikengeuko mitatu, wakiamini kwamba soko lenyewe ndilo linalojua upana wake. Basi tuutazame upana huo. Hadi dakika ya 300 biashara za siku zilikuwa makundi mawili: kundi la asubuhi lililozunguka 50.00 kwa mkengeuko wa 0.20, na kundi la mchana lililobanana karibu na 49.58 kwa mkengeuko wa takriban 0.06. Mchana ulikuwa mtulivu kuliko asubuhi, na mtu angetarajia mkengeuko wa siku upungue. Uliongezeka hadi karibu 0.25, kwa sababu umbali kati ya makundi mawili umo ndani ya hesabu. Mikengeuko mitatu chini ya 49.75 ni 49.01. Kikomo kilichokuwa 49.40 kilikuwa kimeshuka kwa karibu 0.40 bila mtu kukigusa.

Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja unapata biashara ambayo mfanyabiashara huyu asingeifungua hata kwa kulazimishwa. Alipoingia alikuwa akihatarisha 0.22 ili apate 0.38. Katika dakika ya 300, kwa hisa zilezile alizonunua kwa 49.62, angeiacha kanuni yake ijiendeshe angekuwa anahatarisha 0.61 ili apate 0.13. Hakuna aliyefanya uamuzi wa kuigeuza biashara hivyo. Iligeuka yenyewe, kwa kuwa lengo na kikomo vyote vilifungwa kwenye kipimo kinachotembea.

Katika kisa hiki mfanyabiashara alinusurika na nusu ya tatizo, kwani alikuwa amekiandika kikomo cha 49.40 kama namba na kukipeleka kwa dalali kama oda. Kikomo chake hakikuteleza. Lengo lake tu ndilo lililoteleza. Ninapendekeza kila mtu afanye hivyo. Kikomo kinaweza kusogezwa kuelekea bei, kamwe kisisogezwe mbali nayo, na ukingo wa chini ukishafanya kazi yake ya kukuingiza hauna kazi nyingine katika biashara hiyo.

Je, ingewezekana kujua mapema kwamba bei hairudi? Kwa uhakika, hapana. Lakini dalili moja ilikuwepo, nayo imo katika ujazo. Masoko mengi ya hisa huwa na biashara nyingi wakati wa kufunguliwa na wakati wa kufungwa, na katikati hupungua, hivyo mchoro wa ujazo wa siku hufanana na bakuli. Katika dakika 120 za mwanzo wa kisa chetu ziliuzwa hisa 600,000, yaani 5,000 kwa dakika. Katika dakika 180 zilizofuata, ambazo zilipaswa kuwa sehemu ya chini ya bakuli, ziliuzwa 900,000, nazo pia ni 5,000 kwa dakika. Bakuli halikuwa na kitako. Kulikuwa na biashara kubwa isiyo ya kawaida kwa saa hizo, na yote ilifanyika kwa bei ya chini.

Tafsiri yake inahitaji kuangalia ni nani hasa anayeisukuma bei irudi kwenye VWAP. Hakuna nguvu ya asili inayoivuta. Taasisi zinazonunua au kuuza hisa nyingi huzigawa oda zao vipande vipande kutwa nzima, na watekelezaji wao hupimwa kwa kulinganisha bei waliyopata na VWAP ya siku. Mnunuzi anayepimwa hivyo ana sababu ya kununua bei ikiwa chini ya wastani, na hilo husaidia kuinua bei iliyoteleza kwa sababu ya oda moja ya haraka. Lakini kama anayeigawa oda kutwa ni muuzaji, na oda yake ni kubwa kuliko hamu ya wanunuzi, matokeo yake ndiyo haya tuliyoyaona: bei inakaa chini kwa utulivu, ujazo haupungui, na VWAP inashuka kumfuata. Utulivu ule wa mchana, ambao mfanyabiashara aliuona kama bei inayojiandaa kupanda, ulikuwa mauzo yanayoendelea kwa mpangilio. Bei ikiteleza kwa ujazo mdogo kisha wauzaji wakakauka, mbinu hii iko nyumbani. Bei ikiteleza na ujazo ukaihamia kule kule iliko, soko linafanya makao mapya.

Kutokana na hilo ninatumia kipimo kimoja cha kutoka ambacho hakihitaji kubashiri nia ya mtu. Wakati wa kuingia ninaandika umbali wa awali kati ya bei yangu na VWAP, hapa 0.38. Kisha ninafuatilia sehemu iliyozibwa na kila upande. VWAP ikiwa imeziba nusu ya umbali huo kabla bei haijaziba nusu yake, ninatoka kwa bei iliyopo. Katika kisa hiki nusu ni 0.19, maana yake VWAP kufika 49.81. Kwa hisa 5,000 kwa dakika, hilo lilitokea karibu na dakika ya 219, hisa 495,000 baada ya dakika ya 120. Bei wakati huo ilikuwa 49.60. Angetoka hapo, angepoteza 0.02 ya bei na 0.02 ya gharama, jumla 80 kwa hisa zake 2,000. Kipimo hiki kina gharama yake, nami sitaki kuificha: zipo siku ambazo utatoka kwa hasara ndogo kisha bei ipande hadi lengo la awali bila wewe. Ninakubali gharama hiyo kwa sababu, VWAP ikishaziba nusu, zawadi iliyobaki haizidi nusu ya ile niliyokubali kuihatarishia fedha, ilhali kikomo changu kiko palepale.

Yeye hakuwa na kipimo hicho, akabaki. Kati ya dakika ya 300 na ya 375 ziliuzwa hisa nyingine 450,000 kwa wastani wa 49.53, VWAP ikashuka hadi karibu 49.70, na bei ikawa 49.47. Kwenye skrini hilo lilikuwa takriban mkengeuko mmoja chini ya wastani, jambo lisilomtisha mtu. Dakika ya 375 ilipofika ndipo alipoingia katika mtihani wa kweli wa siku ile. Alikuwa na hasara ambayo haikufika kwenye kikomo, na bei iliyo chini ya wastani, na alijua kwamba mwishoni mwa kikao huja oda nyingi. Alijiuliza kama asingoje mnada wa kufunga, labda wanunuzi wangejitokeza hapo.

Hakungoja. Aliuza hisa 500 mara nne, kati ya dakika ya 375 na ya 384, kwa 49.47, 49.46, 49.44 na 49.43. Wastani wa mauzo ulikuwa 49.45. Hasara ya bei ilikuwa 0.17 kwa hisa, na pamoja na gharama ikawa 380 kwa jumla. Sababu ya kugawa mara nne ni kwamba oda moja ya bei ya soko, inayotumwa katika dakika za mwisho pamoja na za wengine wote wanaolazimika kutoka, humla mwenyewe aliyeituma. Sababu ya kumaliza dakika tano kabla ni ya kivitendo vilevile: oda isiyotimizwa dakika ya 384 bado ina nafasi ya kurekebishwa bei, ya dakika ya 389 haina. Aidha, masoko yenye mnada wa kufunga huweka saa ya mwisho ya kupokea au kufuta oda za mnada, na anayeikumbuka saa hiyo ikiwa imepita hana tena la kufanya.

Mnada ulifunga kwenye 49.31. Mtu ambaye angeruhusu kikomo kiteleze na ukingo, ambao muda huo ulikuwa karibu 48.99, angebaki na hisa zake hadi mwisho na kupoteza 0.31 kwa hisa kabla ya gharama, zaidi ya hasara yote aliyokubali wakati wa kuingia. Mwenye kikomo cha 49.40 kilichoandikwa angetolewa njiani.

Asubuhi iliyofuata hisa ileile ilifunguliwa kwa 49.70. Nimelitia jambo hili katika kisa kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalowafanya watu waichukie kanuni ya kutoka kabla ya kufungwa. Aliyeshikilia usiku kucha angekuwa na faida ya 0.08 kwa hisa. Lakini tuulize angekuwa ameshikilia nini. Biashara ilifunguliwa kwa hoja moja: bei imeachana na wastani wa siku hii na itaurudia. Soko lilipofungwa, wastani huo ulikoma. VWAP ya kesho huanzia bei ya kwanza ya kesho, na kwa hisa iliyofunguliwa 49.70 ilianza hapo hapo, bila kumbukumbu yoyote ya 50.00 wala ya 49.75. Aliyelala na hisa zile hakuwa tena na lengo, hakuwa na ukingo, na kikomo chake cha 49.40 kisingemsaidia kitu kama soko lingefunguliwa kwa 48.60, kwa kuwa oda ya kikomo cha hasara hutekelezwa kwa bei iliyopo, si kwa bei iliyoandikwa. Alikuwa na biashara nyingine kabisa, ya usiku, ambayo hakuwahi kuipima.

Kwa hiyo, anayetaka kujua kama kanuni ya kutoka inamgharimu, asiipime kwa kuangalia bei za asubuhi za siku alizopata hasara. Aichukue rekodi yake ya biashara zote zilizofika dakika ya 375 zikiwa wazi, aandike bei aliyotokea na bei ya kufunguliwa kwa siku inayofuata, na aangalie si wastani wa tofauti hizo peke yake bali pia tofauti mbaya kuliko zote. Na anapozirudia siku za nyuma kwa programu, ahakikishe kwamba VWAP na kingo za kila dakika zimehesabiwa kwa biashara zilizokuwa zimekwisha kufanyika hadi dakika hiyo. Nimeona majaribio yaliyotumia VWAP ya mwisho wa siku kuamua maingilio ya asubuhi. Katika kisa chetu, jaribio la namna hiyo lingemlinganisha mnunuzi wa dakika ya 122 na wastani wa karibu 49.69, ambao wakati huo haukuwepo popote, na lingeondoa biashara hii katika orodha kana kwamba haikutokea, kwa kuwa 49.62 isingekuwa mbali na wastani hata kidogo. Hasara ya 380 ingefutika kwenye jaribio, na ingebaki kwenye akaunti.